Macho yanayovimba asubuhi na mkojo wenye povu: mkojo upimwe kwanza

Wazazi wengi wa makanisa yetu ya mashariki wamekwisha kuona jambo hili. Mtoto anaamka asubuhi, kope zake zimevimba, macho yamekuwa madogo kama ya mtu aliyelia usiku kucha. Saa sita uvimbe umepungua, anacheza na wenzake, wazazi wanasahau. Kesho yake macho yamevimba tena. Baada ya wiki moja au mbili, viatu vinambana jioni na tumbo linaanza kujaa. Tena, kama mtu angetazama vizuri, angeona kwamba mkojo wa mtoto huyo unatoa povu nyingi.

Dalili hizi mbili zikija pamoja, zinaelekeza kwenye figo. Hazithibitishi ugonjwa, lakini zinatosha kwa mzazi kwenda kupimisha mkojo siku hiyo au kesho yake. Makala hii inaeleza namna uvimbe huo unavyotokea, kipimo kinavyofanyika, kinasema nini na hakisemi nini. Tutafuata habari ya mtoto mmoja wa parokia yetu, ambaye mimi mwenyewe nilichangia kumchelewesha.

Mtoto aliyeletwa kwa maombi

Alikuwa mvulana wa miaka mitano. Mama yake alipoona macho yamevimba, alinunua pomada ya macho kwenye farmasi ya jirani. Macho hayakuwa mekundu wala hayakutoa usaha, lakini pomada ilitumika siku saba. Kisha akampa dawa ya minyoo. Wiki ya pili miguu ilivimba, na nyanya yake akasema ni bwaki, mtoto hali vizuri. Wakaanza kumpa mayai mawili kila siku, ingawa nyumba ile haikuwa na njaa. Wiki ya tatu tumbo likavimba, na neno baya likaanza kuzunguka mtaani: mtoto amepewa karuho. Watu wakakumbuka kwamba mama mmoja mjane, jirani yao, alikuwa amempa mtoto andazi siku chache kabla ya ugonjwa.

Walimleta kwangu. Nyanya yake akaniambia, "Baba Mchungaji, tumekuja utuombee, mtoto huyu amefungwa." Niliwaita waombezi, tukaomba siku tatu. Maombi hayakuwa kosa. Kosa langu ni kwamba siku ya kwanza sikuwauliza swali moja jepesi: je, mkojo wake umepimwa? Kwa siku hizo tatu yule mjane hakuthubutu kutoka nyumbani kwake, na mtoto aliendelea kujaa maji.

Siku ya nne alikuja dada mmoja wa kanisa, muuguzi wa kituo cha afya. Hakusema mengi. Alimweka mtoto kwenye mizani: kilo 20. Kwenye fishi ya miezi miwili nyuma alikuwa na kilo 16. Mtoto asiyetaka chakula alikuwa ameongezeka kilo 4, na hizo zote zilikuwa maji. Asubuhi iliyofuata alimwomba mama alete mkojo wa kwanza wa mtoto katika chupa safi, akatumbukiza bandeleti ndani, akahesabu sekunde 60. Kile kimraba cha protini, ambacho kikiwa kikavu ni cha manjano, kiligeuka kijani kilichoiva. Akatuonyesha rangi ya mwisho kwenye chupa ya bandeleti: misalaba minne. Akasema, "Hakuna sumu ya andazi hapa. Protini ya damu inamwagika kwenye mkojo."

Kwa nini macho, na kwa nini asubuhi

Kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni moja. Damu inapita humo, maji na takataka zinachujwa, na vitu vya thamani vinabaki katika damu. Kimoja cha vitu hivyo ni protini iitwayo albumini, inayotengenezwa na ini. Kazi yake mojawapo ni kushika maji ndani ya mishipa ya damu yasitoroke.

Kichujio kikiharibika, albumini inapita na kuingia katika mkojo. Mtu mzima mwenye afya hupoteza chini ya miligramu 150 za protini kwa siku. Mgonjwa wa aina hii anaweza kupoteza gramu kadhaa kila siku, na ini halifaulu kuzirudisha kwa haraka inayotosha. Albumini ikipungua katika damu, maji yanatoka kwenye mishipa na kuingia katika nyama ya mwili. Figo nazo zinaanza kushika chumvi, na chumvi inavuta maji mengine. Hivyo mwili unavimba.

Maji hayo yanafuata mteremko. Mtoto akilala usiku kucha, hayana sababu ya kushuka miguuni, yanakusanyika usoni. Ngozi ya kope ni nyembamba na laini kuliko zote za uso, kwa hiyo inavimba ya kwanza. Mtoto akisimama na kukimbia, maji yanashuka, na jioni ni vifundo vya miguu vinavyovimba. Ukibonyeza mguu kwa kidole kwa muda kidogo, shimo linabaki.

Povu inatokana na protini hiyohiyo. Mama anayepiga ute wa yai kwa uma anajua jinsi unavyotoa povu isiyokwisha upesi. Ute wa yai una albumini ya aina yake, na mkojo wenye albumini nyingi hufanya vivyo hivyo.

Lakini tuwe waangalifu. Si kila povu ni ugonjwa. Mkojo unaoanguka kwa nguvu kutoka juu hutoa mapovu makubwa yanayopasuka mara. Mabaki ya sabuni katika chombo hutoa povu pia. Povu ya kutilia shaka ni ndogondogo, imeshikana, inabaki juu kwa dakika kadhaa, na inarudi kila asubuhi. Kwetu kuna shida nyingine: nyumba nyingi zina choo cha shimo, na hakuna anayeona mkojo wake. Kwa hiyo, kama macho ya mtoto yanavimba, mwambie akojoe katika kopo lililosuuzwa vizuri kwa maji peke yake, kisha utazame. Ukikosa kuona povu, bado usijifariji. Jicho linaweza kudanganyika, na mkojo upimwe vilevile.

Bandeleti inavyotumika

Bandeleti ni kipande chembamba cha plastiki chenye vimraba vya rangi. Kila kimraba kinatafuta kitu chake: protini, damu, sukari, dalili za maambukizo na vingine. Inauzwa katika chupa, mara nyingi 100 kwa chupa moja, na vituo vingi vya afya vinaitumia kwa akina mama wajawazito. Haihitaji umeme wala mashine.

Mkojo bora ni wa kwanza wa asubuhi. Sababu ni mbili. Kwanza, umekaa usiku kucha, haukuchanganyika na maji mengi ya kunywa, hivyo protini haifichiki. Pili, kuna vijana wenye afya ambao hutoa protini kidogo wanaposimama au kukimbia mchana, na mkojo wao wa asubuhi hauna kitu. Ukipima wa mchana tu, unaweza kumtisha kijana mzima bure. Mtoto aanze kukojoa chini, kisha mkojo wa katikati upokelewe katika chombo safi na kikavu. Upimwe ungali mpya, usipite saa mbili.

Anayepima anatumbukiza vimraba vyote mara moja, anatoa bandeleti haraka, anafuta ukingo wake kwenye mdomo wa chombo, kisha anaishika ikiwa imelala ili rangi za vimraba zisichanganyike. Kwa protini anasubiri muda ulioandikwa kwenye chupa, mara nyingi sekunde 60, na kulinganisha rangi mahali penye mwanga. Manjano ni kwamba hakuna protini. Jinsi kijani kinavyozidi, ndivyo protini inavyozidi. Msalaba mmoja ni karibu gramu 0,3 kwa lita, miwili ni karibu gramu 1, mitatu ni karibu gramu 3, na minne ni zaidi sana.

Mambo matatu huharibu kipimo hiki katika vituo vyetu. La kwanza ni chupa iliyoachwa wazi. Unyevu wa hewa unaua bandeleti, kwa hiyo kifuniko kirudishwe mara tu baada ya kutoa moja, na tarehe ya mwisho itazamwe. La pili ni kusoma kwa kuchelewa: bandeleti iliyoachwa mezani dakika kumi inabadilika rangi hata kama mkojo ni mzuri. La tatu ni mkojo wenyewe. Mtoto mwenye homa kali, mtu aliyetoka kubeba mizigo mizito, au mwanamke aliye katika siku zake anaweza kuonyesha msalaba mmoja bila ugonjwa wa figo. Upande mwingine, mtu aliyekunywa maji mengi mno kabla ya kupimwa anaweza kuficha protini aliyo nayo. Msalaba mmoja unarudiwa baada ya siku chache. Misalaba mitatu au minne pamoja na macho yaliyovimba haingojewi.

Kituo kikikosa bandeleti, kazi haijakwama. Wazee wa labo wanajua njia ya moto. Mkojo unawekwa katika neli ya kioo, sehemu ya juu inachemshwa juu ya moto mdogo, na mkojo wa chini unabaki wa kulinganisha. Kama juu kumekuwa na wingu jeupe, yanaongezwa matone machache ya asidi asetiki. Wingu likitoweka, yalikuwa madini tu. Likibaki au kuzidi, ni protini iliyoiva, sawasawa na ute wa yai unavyoiva sufuriani.

Uvimbe unafanana, sababu ni mbalimbali

Hapa ndipo faida ya kipimo inaonekana. Turudi kwa mvulana wetu. Nyanya yake hakuwa mjinga alipotaja bwaki. Katika bwaki pia albumini ya damu ni kidogo na mwili unavimba. Tofauti ni mlango: mtoto wa bwaki hajengi protini ya kutosha, mtoto wa figo anayo lakini inamwagika. Bwaki huanza mara nyingi miguuni, nywele zinakuwa nyepesi na kubadilika rangi, ngozi inabanduka, na mtoto anakuwa mnyonge, hataki kuguswa. Bandeleti yake haionyeshi protini nyingi. Kumjaza mayai mtoto wa figo hakuzibi kichujio. Anahitaji chakula cha kawaida cha umri wake, si zaidi.

Kuna mtoto wa tatu anayefanana nao, na huyo ni wa haraka. Macho yamevimba, lakini mkojo umekuwa mchache na wa rangi ya chai kavu au Koka. Bandeleti inaonyesha damu nyingi na protini ya kiasi. Ukiuliza utasikia kwamba alikuwa na koo lenye maumivu wiki moja mpaka tatu nyuma, au upele wenye usaha wiki tatu mpaka sita nyuma. Ndiyo maana ugonjwa huu unaonekana mahali watu wamebanana na upele umeenea, kama katika kambi za waliokimbia vita. Vijidudu vya koo au ngozi vimeamsha kinga ya mwili, nayo imejeruhi figo. Hatari yake kubwa ni tansio kupanda ghafla, na mtoto anaweza kuumwa kichwa, kutapika na kupata degedege. Mtoto huyu apimwe tansio na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Akitunzwa vema, figo za walio wengi hupona.

Kwa watu wazima sababu ni nyingi zaidi: sukari, tansio ya siku nyingi, virusi vya Ukimwi, homa ya ini ya aina ya B, ugonjwa wa damu wa SS. Moja haisemwi sana kwetu, nayo ni krimu na sabuni za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walitoa ripoti juu ya watu wazima waliokuwa na uvimbe na protini nyingi katika mkojo, na zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za namna hiyo. Zebaki inapita katika ngozi na kufika figoni. Dada anayevimba macho na kutumia krimu isiyo na maandishi ya wazi aiache, na amwambie daktari bila kuona haya.

Na mama mwenye mimba iliyopita wiki 20 asipitiwe na neno hili. Uso na mikono vikivimba, kichwa kikiuma, macho yakiona giza au nyota, apimwe tansio na mkojo mara moja. Tansio ya 140 kwa 90 au zaidi pamoja na protini inaweza kutangulia degedege la mimba, linaloua mama na mtoto. Huyo hangojei kliniki ya wiki ijayo.

Matunzo ya mvulana wetu

Kituo kilimpeleka hospitali kuu ya zoni ya afya. Tansio yake ilikuwa ya kawaida kwa umri wake, na bandeleti haikuonyesha damu. Labo ilikuta albumini ya damu ni gramu 15 kwa lita, wakati ya mtu mzima wa afya ni karibu 35 mpaka 50. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kama figo bado zinachuja takataka, ilikuwa nzuri. Hili ni jambo la kuelewa: bandeleti inaonyesha kwamba kichujio kinavuja, haisemi kama figo zimechoka. Kwa hilo damu inahitajika.

Daktari alieleza kwamba hali hii inaitwa sindromu ya nefrotiki. Kwa watoto wadogo wa umri wake, aina inayopatikana mara nyingi haina damu wala tansio ya juu, na inajibu dawa iitwayo prednizoloni. Kabla ya kuianza walitafuta malaria, kifua kikuu na homa ya ini, wakampa dawa ya minyoo, kwa sababu prednizoloni inalegeza kinga ya mwili na magonjwa yaliyolala yanaweza kuamka.

Kipimo cha dawa kilihesabiwa kwa uzito wa kabla ya uvimbe, si kwa ule wa maji: miligramu 2 kwa kila kilo. Kilo 16 mara 2 ni miligramu 32, wakampa tembe sita za miligramu 5, yaani miligramu 30, kila asubuhi baada ya chakula. Chumvi ikapunguzwa katika mboga, na samaki waliokaushwa kwa chumvi wakaondolewa.

Siku kumi za kwanza hakuna kilichobadilika, na mama alikata tamaa. Siku ya 11 mtoto alianza kukojoa mara nyingi. Siku ya 15 bandeleti ilikuwa manjano, na siku mbili zilizofuata vilevile. Siku tatu mfululizo bila protini, ndiyo maana ya kusema dawa imejibu. Uzito ulirudi kilo 16.

Hapo ndipo familia nyingi zinaanguka. Macho yamefunguka, dawa inaachwa. Lakini dawa iliendelea kila siku mpaka wiki sita zitimie, kisha tembe tano siku moja na kupumzika siku inayofuata, kwa wiki sita nyingine. Kuikata ghafla kuna hatari mbili: ugonjwa unarudi, na mwili uliozoea dawa hauna nguvu ya kutosha ya kutengeneza homoni yake wenyewe. Hesabu hii ni ya mtoto huyu, iliyopangwa na daktari wake. Mtu asiichukue na kumpa mtoto mwingine tembe za farmasi.

Ni lazima niseme pia kwamba si watoto wote wanaojibu. Kama protini haijatoweka baada ya wiki nne mpaka sita za dawa iliyotolewa sawasawa, mtoto anahitaji daktari wa watoto katika hospitali kubwa, mara nyingine na kuchukuliwa kipande kidogo cha figo kitazamwe kwa hadubini.

Mambo yanayomuumiza mtoto huyu

Dawa ya kukojoza iliyonunuliwa bila kupimwa ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Watu wanaona maji, wanataka yatoke. Lakini maji hayo yako nje ya mishipa. Ndani ya mishipa damu inaweza kuwa tayari imepungua maji na kuwa nzito. Ukimkojoza kwa nguvu, anaweza kuzimia, au damu ikaganda ndani ya mshipa. Dawa hiyo inatolewa hospitalini, kwa macho ya daktari.

Ya pili ni mizizi na dawa za kienyeji za kunywesha au kupitisha nyuma kwa kusudi la kutoa sumu. Nyingine zinaua figo zilizokuwa bado nzima. Mvulana wetu alipewa mara moja, na tunamshukuru Mungu kwamba kreatinini ilikutwa nzuri.

Ya tatu ni homa. Pamoja na albumini, mwili unapoteza pia protini za kupigana na vijidudu, na dawa yenyewe inazidi kulegeza kinga. Mtoto aliyevimba akipata homa, au maumivu ya tumbo, anaweza kuwa na maambukizo katika maji ya tumbo. Akipumua kwa shida, akivimba mguu mmoja tu, au akikaa nusu siku bila mkojo, ni safari ya hospitali, hata usiku. Na kabla ya chanjo yoyote, mama amwambie muuguzi kwamba mtoto anatumia prednizoloni.

Daftari ya mama

Ugonjwa huu una tabia ya kurudi, mara nyingi baada ya mafua au homa ndogo. Hospitali ilimpa mama bandeleti chache na kumfundisha kuzisoma. Alipiga mistari katika daftari ya shule: tarehe, uzito, rangi ya bandeleti, idadi ya tembe. Mwanzoni alipima kila asubuhi, baadaye mara mbili kwa wiki, na kila siku mtoto akiwa na mafua.

Daftari ilimsaidia kwa jambo ambalo hatukulitazamia. Katika wiki ya tano uso wa mtoto ulikuwa mviringo tena, mashavu yamejaa. Majirani wakasema, "Imerudi." Mama akapima: manjano. Uzito haukuruka kwa ghafla. Ule ulikuwa unene wa dawa, unaokuja na njaa nyingi na kuondoka dawa inapopungua. Bila bandeleti, wangeacha dawa wakidhani imeshindwa.

Miezi minne baada ya kumaliza dawa, mtoto alipata mafua. Asubuhi tatu mfululizo bandeleti ilionyesha misalaba mitatu, na macho yake bado yalikuwa mazuri kabisa. Mama hakungoja uvimbe. Alibeba daftari akaenda hospitali, dawa ikaanza tena, na safari hii mtoto hakulazwa hata siku moja. Mara ya kwanza tulichelewa wiki tatu na siku kadhaa. Mara ya pili alichelewa siku tatu tu, zile za kuhakikisha.

Kwa wachungaji na wazee wa kanisa

Mtoto aliyevimba akiletwa kwenu kwa maombi, mpokeeni na mwombe naye. Lakini siku hiyohiyo ulizeni maswali manne: Macho yanavimba zaidi asubuhi? Mkojo wake una povu, au rangi ya chai? Uzito wake wa zamani ni upi? Mkojo umepimwa? Kama jibu la mwisho ni hapana, mtu mmoja amsindikize mama kituoni kesho asubuhi na chupa safi ya mkojo wa kwanza.

Tena msiruhusu jina la jirani litajwe katika maombi kama mchawi au mtoa sumu. Baada ya majibu ya hospitali nilikwenda kwa yule mama mjane pamoja na nyanya ya mtoto. Nyanya alipiga magoti, akasema, "Mama, utusamehe, tulikuvisha ubaya usiokuwa wako." Mjane alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza kama mtoto anaruhusiwa kula maandazi. Nikamjibu kwamba anaruhusiwa, yasiwe na chumvi nyingi tu.